Mwisho wa Ofa Uwe na Sababu: Video za Punguzo Zisizomsukuma Mteja



Video nyingi za punguzo la bei zina kelele moja: "Wahi, zinaisha, usije ukalia!" Ukimuuliza mwenye duka kwa nini ofa inaisha Jumamosi na si Jumanne ijayo, hana jibu. Hoja yangu leo ni kwamba mteja huharakishwa na sababu ya mwisho wenyewe. Sababu ikikosekana, msemaji hulazimika kupandisha sauti.

Tuchukue mfano wa fundi wa Manzese mwenye cherehani nne, anayeshona sare za shule. Mwanzoni mwa Desemba kazi ni chache. Kuanzia katikati ya mwezi wazazi humiminika, kwa kuwa shule hufunguliwa Januari, naye hulazimika kuajiri vibarua wa kushona usiku. Kwa hiyo seti ya shati na sketi, ambayo bei yake ni shilingi 28,000, anaweza kuishona kwa 22,000 sasa, lakini baadaye hawezi. Hapo mwisho umejileta wenyewe, na mzazi anauelewa bila kubembelezwa.

Sharti ni kwamba ile 28,000 iwe bei ambayo watu wamekuwa wakiilipa kweli. Kupandisha bei Jumatatu ili uishushe Jumatano ni kumdanganya mnunuzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwemo kwa maelezo ya uongo kuhusu bei.

Video yenyewe haihitaji kuzidi nusu dakika. Fundi akiwa kwenye cherehani, kwa sauti yake ya kila siku, aseme hivi:

"Sare ya shule, shati na sketi, 22,000 badala ya 28,000. Sasa hivi mafundi wangu wana nafasi. Baada ya tarehe 14 kazi zinajaa na naongeza vibarua, ndiyo maana bei inarudi. Ukilipa nusu kabla ya Jumamosi tarehe 14 Desemba, saa 12 jioni, bei hii ni yako hata kama nguo utaichukua baadaye. Mlete mtoto apimwe. Kama bado anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha kwanza, usishone kwanza."

Sentensi ya mwisho huwashtua wafanyabiashara: unamfukuzaje mteja? Kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mzazi akisikia unamzuia mtu asiyehitaji, anaamini hata ile tarehe. Tena unajiepusha na ugomvi wa sare isiyo ya shule aliyopangiwa mtoto. Na bei itajwe mwanzoni kabisa. Ile tabia ya "bei njoo inbox" humfanya mtu ahisi anavutwa pembeni ili abanwe.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo hata waaminifu hukosea. Video ya "leo tu" ikiwekwa TikTok inaweza kumfikia mtu wiki moja baadaye, na iliyosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp huwezi kuifuata kote iliko. Maneno "leo", "kesho" na "wiki hii" yaachwe. Siku, tarehe na saa viandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu maelezo ya chini hupotea video inapopakuliwa. Usiku wa manane uepukwe: "mwisho usiku wa Jumapili" kuna watakaouelewa kuwa ni ule wa kuamkia Jumapili. Saa 12 jioni, duka linapofungwa, haina ubishi.

Siku ya mwisho, kumbusho moja kwenye status ya WhatsApp linatosha, kwa kuwa hujifuta baada ya saa 24. Ukitaja nafasi zilizobaki, taja na wakati ulipohesabu: "Jumamosi saa 3 asubuhi, zimebaki nafasi 15." Idadi hiyo usiirudie mchana bila kuhesabu upya.

Jaribio halisi huja Jumatatu tarehe 16, mama mmoja anapofika na video kwenye simu yake. Fundi amwambie kwa upole kwamba ofa imeisha na bei ni 28,000. Akimkubalia 22,000, waliojibana kulipa kabla ya Jumamosi watasikia, na Desemba ijayo hakuna atakayewahi. Dalili ya ofa isiyoaminika ni wateja kuuliza, "Si mtaongeza siku?" Wakiuliza hivyo, mara nyingi ni kwa sababu ziliwahi kuongezwa. Kama wateja wamekuwa wachache, ofa ifungwe vilevile, na video iondolewe au iandikwe kuwa imeisha.

Naomba kila aliyekuja na video yake aifungue sasa, tuangalie pamoja kama tarehe inaonekana kwenye picha na kama sababu ya mwisho imesemwa. Isiyo na sababu tusiihangaikie kuihariri. Mwenye duka akaitafute kwanza.