Kilo Nne za Tezi

Mimi ni muuguzi wenu wa zahanati. Mama mmoja ametuomba tumjibu hewani bila kutaja jina lake. Anauliza: "Mbona dawa ya tezi hainipunguzi?"

Mama, kwa miaka miwili ulitoka kilo 62 ukafika 76. Ulisikia baridi hata jua likiwaka, choo kilikuwa kigumu, na usingizi hauishi. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kikaonyesha kwamba tezi ya shingo, iliyo mbele ya koo, imelegea. Ukapewa levothairoksini. Baada ya miezi mitatu baridi imekwisha na choo ni laini, lakini mizani inasoma 72. Umepungua kilo nne tu.

Mama, hizo nne ndizo zilizokuwa za tezi. Tezi hii hutoa homoni inayouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikilegea, mwili hutumia kidogo, tena hushika maji na chumvi. Sehemu kubwa ya uzito unaoongezeka ni maji hayo, na kwa kawaida ni kilo chache, mbili hadi tano hivi. Zile kumi zilizobaki zina chanzo kingine. Nyumbani ulikuwa unalima kutwa. Hapa huna shamba, na chakula chako ni kile kile cha wanga na mafuta. Hizo dawa ya tezi haizigusi.

Kwa hiyo usiongeze vidonge. Ukizidisha, unaweza kukonda, lakini moyo utakwenda mbio na mifupa itadhoofika. Meza dozi yako asubuhi kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa au zaidi kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vimeze saa nne baadaye, maana huzuia dawa hii isiingie mwilini. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane.

Sasa kuna mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Huyo hula sana na bado nguo zinamvuka. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humdunda hata akiwa amekaa. Akitumia karbimazoli, uzito hurudi. Wengine huogopa kunenepa wakaacha dawa, kumbe ni mwili unarudisha ulichopoteza. Kinachotakiwa ni kupunguza chakula, kwa sababu ile njaa ya ugonjwa imekwisha. Lakini akipata homa au koo likimuuma, asimeze kidonge kingine. Aje siku hiyo hiyo apimwe damu.

Mizani peke yake haitambui tezi. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu au kisukari. Damu ndiyo inayosema.