Maji Yanayonuka Mayai Viza: Tujue Harufu Inatoka Wapi Kabla ya Kutia Dawa

Maji ya kisima yakinuka mayai viza, wengi wetu hukimbilia klorini. Naomba tuanze na pua, tena pale pale kisimani, kwa sababu gesi hii huponyoka upesi na sampuli iliyosafirishwa huenda isioneshe kitu.

Gesi yenyewe ni haidrojeni salfaidi. Huzalishwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Hutumia salfati iliyomo majini kuvunja mabaki ya mimea na uchafu mwingine. Visima vya pwani huweza kuwa na yote mawili: chumvi ya bahari huleta salfati, na matope ya mikoko huleta mabaki. Kiasi cha miligramu 0.1 kwa lita hutosha kunuka.

Fungua bomba asubuhi, uyaache maji yatiririke. Harufu ikipungua baada ya dakika chache, bakteria wamekaa kwenye mabomba au kisimani. Isipopungua hata kidogo, huenda gesi inatoka kwenye mwamba. Ikiwa maji ya moto tu ndiyo yananuka, chunguza hita. Na harufu ikianza ghafla, hasa choo cha shimo kikiwa jirani, maji yapimwe vimelea vya kinyesi kabla ya jambo lingine.

Ikionekana bakteria ndio chanzo, kisima kitiwe klorini. Tuchukue mfano wa kisima chenye kipenyo cha mita 1 na kina cha maji cha mita 4. Kisima hicho kina takriban lita 3,140. Tukitaka miligramu 50 za klorini kwa lita, tunahitaji gramu 157 za klorini halisi. Kwa unga wenye asilimia 65, hizo ni kama gramu 240. Uchanganye kwenye ndoo ya maji, uache mashapo yatuame, umimine maji ya juu kisimani. Fungua kila bomba hadi linuke klorini, kisha funga kwa saa 12 au zaidi. Watu wasinywe maji hayo. Baadaye yapampuliwe mbali na bustani hadi harufu ya dawa iishe.

Harufu ikirudi baada ya wiki chache, msirudie dawa kila mara. Chanzo kiko ardhini. Hapo maji yapandishwe kwenye simtanki kupitia bomba lililotobolewa, yaanguke kama manyunyu, na tanki liwe na tundu la hewa lenye wavu. Sehemu kubwa ya gesi hutoka. Njia hii hufanya kazi vizuri maji yakiwa na asidi kidogo. Yakiwa na alkali nyingi, gesi hushikiliwa majini, na itabidi klorini iingizwe kidogo kidogo mfululizo. Salfa inayobaki huyafanya maji kuwa meupe, hivyo yapite kwenye chujio la mchanga.

Mtu asishuke kisimani kutafuta chanzo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Fundi aliyeko chini anaweza kudhani hewa imesafika, kumbe ndiyo imefikia kiwango cha kumwangusha.