Anayesikiliza Ndiye wa Kupigwa Picha: Kugeuza Mchezo wa Redio kuwa Tamthilia ya Video



Wengi wetu tumelelewa na redio. Mkwaju, dereva wa lori katika Twende na Wakati iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, tulimjua vizuri bila kumwona. Kwenye redio safari ya lori ni mlio wa injini, basi. Kwenye video unatakiwa ulitafute lori lenyewe, na barabara, na kibali cha kupiga picha. Lakini gharama hainitishi sana, kwa sababu mandhari kumi zinaweza kuunganishwa zikawa tatu. Kinachonitisha ni maneno.

Katika redio, maneno ya mhusika hubeba mizigo isiyo yake: hueleza tulipo, nani amesogea, na nani ameshtuka. Tuchukue kipande hiki nilichokitunga kwa ajili ya semina:

(MLIO WA MLANGO)
MAMA: Karibu, mwanangu.
ZUHURA: Juma! Mbona umesimama hapo mlangoni? Ngoja nilitoe sanduku la kikoba uvunguni, kesho tunagawana. Ah! Mbona jepesi hivi? Juma, mbona unaangalia chini?
JUMA: Mimi sijui lolote, mke wangu.

Kwa msikilizaji kipande hiki kimekamilika. Mkikipiga picha jinsi kilivyo, mtazamaji atamwona Juma mlangoni huku akiambiwa kwamba yuko mlangoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupitia kila sentensi na kuuliza: je, jicho litaliona hili? Likiliona, ifutwe. Hapa, maneno ya Zuhura yanayobaki ni mawili tu: “Mbona jepesi?”

Mandhari nayo huleta maswali ambayo redio haikuulizwa. Sanduku la kikoba kwa kawaida lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu tofauti. Msikilizaji hakuziona kufuli hizo, hivyo hakujali mwizi alipitaje. Mtazamaji ataziona zimefungwa vilevile, na atauliza. Badala ya kuongeza mazungumzo ya kufafanua, tulegeze skrubu za bawaba upande wa nyuma. Sasa sanduku lenyewe linatoa ushahidi, na mahali linapowekwa panakuwa jambo la kufikiriwa.

Hapo ndipo tunapopanga nani akae wapi na asogee lini. Zuhura aliweke sanduku mezani chini ya taa, kufuli zikimwelekea yeye. Juma abaki mlangoni, mkono kwenye kitasa. Na Mama? Katika muswada wa redio Mama alisema “Karibu, mwanangu” akapotea, maana kwenye redio asiyesema hayupo. Kwenye video bado yumo chumbani. Mketishe mkekani, upande wa nyuma ya meza, na yeye ndiye atakayeziona bawaba kabla ya mkamwana wake. Mtu aliyekuwa na mstari mmoja sasa ameshika siri ya onyesho zima.

Kwa hiyo Zuhura anaposema “Mbona jepesi?”, kamera isiwe kwake. Tumwone Mama akizitazama bawaba, kisha akiinua macho kumtafuta mwanawe. Tukate kwa Juma, ambaye anakwepa. Sentensi yake ya kukana haina kazi tena. Aifungue tu midomo.

Picha hizi za mwitikio zina masharti yake. Usimwambie mwigizaji “shtuka!” ukapiga sekunde mbili. Liendeshe onyesho lote toka mwanzo, wenzake wakisema maneno yao nje ya fremu, kamera ikimwelekea Mama peke yake. Vuteni mstari wa kufikirika kati ya Juma na Zuhura, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo. Ikiuvuka, wataonekana wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana. Wakati wa kuhariri, uso wa msikilizaji uingie kabla msemaji hajamaliza, sauti ikiendelea chini yake.

Msiogope kimya. Redioni sekunde tano bila sauti humfanya mtu aguse kitufe akidhani mitambo imekatika, lakini uso wa Mama unazimudu. Ila msikate kwa kila aliyemo chumbani kila neno linapotamkwa, wala msirudie uso mmoja mara tatu kwa ngoma nzito. Huo ni ugonjwa wa tamthilia nyingi tunazoziona, na dalili yake ni kwamba mtazamaji hajui tena mshtuko upi ni wa maana.

Mkitaka kujua kama mmefaulu, ichezeni video iliyohaririwa huku mmefumba macho. Mkielewa kila kitu, bado mnao mchezo wa redio.

Mchana huu kila kikundi kitapewa ukurasa mmoja wa redio. Naomba mwanze kwa kumtafuta mtu aliyemo chumbani asiyesema, mumpe mahali pa kukaa na kitu cha kukiona, ndipo mshike kalamu ya kufuta.