Msamaha wa Ukaguzi Usiwe Mlango wa Mdukuzi

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa maafisa wa TEHAMA na wakuu wa idara katika kikao cha mafunzo.



Chukueni mfano wa kaunti ambayo mfumo wake wa mapato umekuwa mzito. Wafanyabiashara wanapanga foleni asubuhi kulipia leseni, na risiti moja inachukua dakika nzima kutoka. Kampuni iliyouza mfumo inaandika barua: isameheni folda yote ya D:\Mapato isikaguliwe na programu ya ulinzi, na powershell.exe pia. Mkuu wa idara anataka foleni iishe kabla ya saa sita. Afisa wa TEHAMA afanye nini?

Asikatae, ila asikubali barua ilivyo. Kusamehe folda ni kusamehe pia kila folda iliyo ndani yake. Kusamehe mchakato katika Microsoft Defender ni kusema kwamba faili zote unazofungua zisikaguliwe papo hapo, popote zilipo. Na powershell.exe si mali ya mfumo wa mapato. Ni chombo cha kila seva ya Windows, na wadukuzi wanakipenda mno.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwezi Machi 2021, wadukuzi walitumia mianya ya seva za barua pepe za Microsoft Exchange na kuacha humo faili ndogo za kuwawezesha kurudi. Kwa miaka mingi Microsoft yenyewe ilikuwa ikishauri baadhi ya folda na michakato ya Exchange isamehewe. Februari 2023 ilibadili ushauri huo: msamaha wa folda mbili na wa michakato ya powershell.exe na w3wp.exe uondolewe, kwa kuwa ungeweza kuficha faili za aina hiyo. Ikiwa mtengenezaji alirekebisha orodha yake, barua ya muuzaji nayo ichunguzwe.

Hatua ya kwanza ni kupima. Afisa, akiwa na mamlaka ya msimamizi, aendeshe amri hizi kwenye seva wakati foleni ni ndefu. Kipimo kinaendelea kurekodi hadi abonyeze Enter.

```
New-Item -ItemType Directory -Force -Path C:\Kipimo
New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\Kipimo\mapato.etl
Get-MpPerformanceReport -Path C:\Kipimo\mapato.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10
```

Ripoti itaonyesha faili zinazokula muda wa ukaguzi. Tuseme muda karibu wote unaishia kwenye mbili: mapato.mdf, iliyo hifadhidata yenyewe, na mapato_log.ldf, iliyo kumbukumbu ya miamala. Zote zimo ndani ya D:\Mapato\Data. Kama ukaguzi hauonekani kuchukua muda mwingi, basi tatizo liko kwingine, labda kwenye mtandao au diski, na msamaha hautasaidia lolote.

Hatua ya pili ni kuuliza ni nani anayeweza kuandika mahali hapo. Amri ya icacls D:\Mapato\Data itamjibu. Akaunti ya huduma ya hifadhidata na wasimamizi wanatosha. Lakini folda ya D:\Mapato\Viambatisho hupokea nakala za vyeti kutoka kwa wananchi kupitia tovuti. Yeyote duniani anaweza kutuma faili pale. Ndiyo folda inayohitaji ukaguzi kuliko zote, na barua ya muuzaji ingeisamehe pamoja na nyingine.

Kwa hiyo uamuzi ni huu: zisamehewe faili mbili tu, kwa njia kamili na kwa seva hiyo moja, si kwa tarakilishi zote za kaunti. Powershell.exe ikataliwe. Kisha kipimo kirudiwe, ionekane kama foleni imepungua kweli.

Hatua ya tatu ni kujaribu. Ipo faili ya majaribio iitwayo EICAR, isiyo na madhara, ambayo programu za ulinzi huitambua kama virusi. Iwekwe ndani ya Viambatisho, kisha ndani ya Data. Kote kuwili inapaswa kunaswa. Ikisalia, msamaha ni mpana kuliko ulivyokusudiwa.

Mwisho, msamaha uandikwe: faili gani, kwa sababu gani, nani ameidhinisha, na lini utaangaliwa upya. Toleo jipya la mfumo likija, kipimo kirudiwe, kwani huenda msamaha hauhitajiki tena. Mdukuzi aliyepata mamlaka ya msimamizi anaweza kujiongezea msamaha wake mwenyewe. Kinga ya kuzuia mipangilio kuchezewa iwashwe, lakini isitegemewe peke yake, kwani si kila mara inazuia misamaha kuongezwa. Defender huandika mabadiliko ya mipangilio kama tukio namba 5007. Tukio hilo likionyesha msamaha mpya na daftari halina idhini yake, huenda huyo si muuzaji. Afisa wa usalama aitwe siku hiyo hiyo.