Nunua Kidogo, Funga Bei: Idhini za Picha na Muziki wa Zamani katika Filamu ya Bajeti Finyu



Mwaka 1987 televisheni ya umma ya Marekani ilirusha Eyes on the Prize, mfululizo wa filamu za hali halisi kuhusu harakati za Wamarekani weusi kudai haki zao. Awamu ya pili ilifuata mwaka 1990, vikawa vipindi 14. Kampuni ya Blackside, iliyoongozwa na Henry Hampton, ilikuwa na fedha za kubangaiza, kwa hiyo leseni nyingi za picha na nyimbo za zamani zilinunuliwa kwa miaka michache tu. Miaka ya 1990 leseni hizo zikaanza kwisha, na kazi iliyosifiwa kote ikashindwa kurushwa tena. Ilirudi hewani mwaka 2006, baada ya wafadhili kutoa fedha za kununua upya haki ambazo zilikwishalipiwa mara moja.

Wengi huichukua habari hiyo kama onyo dhidi ya leseni ya muda mfupi. Mimi sikubaliani nao. Mwenye bajeti finyu hana njia nyingine ila kununua haki ndogo. Hatari iko katika kununua haki ndogo bila kuandikiana, siku hiyohiyo, bei ya haki kubwa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo.

Tuchukue filamu ya kufikirika ya dakika 52 kuhusu muziki wa dansi, yenye dola 2,000 tu kwa idhini zote. Mtayarishaji anataka picha za Dar es Salaam wakati wa uhuru, Desemba 1961, na wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe.

Kwanza picha. Mhariri amechagua vipande sita, kila kimoja sekunde tano, jumla sekunde 30. Tuseme hifadhi ya filamu inatoza dola 30 kwa sekunde. Mtayarishaji anazidisha na kupata dola 900. Ankara inapofika, inasoma dola 1,800. Hakuna aliyemwibia. Hifadhi nyingi huweka kiwango cha chini kwa kila kipande, na hapa ni sekunde kumi. Aliyetumia tano atalipa kumi. Juu yake inaweza kuja ada ya kuihamisha filamu kutoka kwenye utepe kuingia kwenye faili.

Dawa iko kwenye meza ya uhariri. Vipande vitatu vya sekunde kumi vinatoa zile zile sekunde 30 kwa dola 900, na mara nyingi mtazamaji hunufaika kwa kupewa nafasi ya kuitazama picha. Ndiyo maana swali la kiwango cha chini huulizwa kabla ya kuhariri. Kwa kuhariria, hifadhi hutoa nakala yenye nembo na saa inayokimbia juu ya picha. Saa hiyo isifichwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni sekunde zipi hasa zitaagizwa.

Kipande kilichopatikana mtandaoni hakinunuliwi kwa aliyekipandisha, maana kupandisha si kumiliki. Hata shirika lenye kanda kabatini huenda lina kanda tu, na haki ziko kwa mwingine. Na picha ikishalipiwa, sauti yake bado ina maswali. Magazeti ya filamu ya zamani yaliwekewa muziki chini ya sauti ya msimulizi, na leseni ya picha kwa kawaida haiugusi muziki huo. Mwenye fedha kidogo huiondoa sauti yote, kisha hurekodi mwenyewe nyayo, umati na upepo.

Sasa wimbo. Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili: hakimiliki ya utunzi, yaani maneno na muziki, na haki za rekodi yenyewe, ambazo sheria ya Tanzania huziweka katika hakishiriki. Idhini ya upande mmoja haitoshi.

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Sheria za Tanzania na Kenya hulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo alizotunga zitalindwa hadi mwisho wa 2029. Kenya huilinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Basi rekodi yoyote iliyofanyika Nairobi mwaka 1974 ilimaliza ulinzi wake nchini Kenya mwishoni mwa 2024, lakini wimbo uliomo ndani bado una mwenyewe. Mtayarishaji akitazama tarehe ya santuri peke yake, atajiona huru kumbe hajawa. Tena hesabu hiyo haivuki mpaka. Uingereza, kwa mfano, rekodi iliyotolewa huweza kulindwa miaka 70, hivyo kila nchi ya maonyesho ihesabiwe peke yake.

Nani atie saini upande wa utunzi? Kama mtunzi alikabidhi haki kwa mchapishaji, mkataba wake ndio utakaosema. Kama haki zimebaki kwa familia, saini ya mtoto mmoja mkarimu haitoshi. Anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na nakala ya barua ya uteuzi iambatanishwe na leseni. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ni mahali pa kuanzia kuuliza usajili. Ikumbukwe pia kwamba leseni ya kupiga wimbo ukumbini au redioni haimruhusu mtu kuufunga kwenye picha. Kuufunga kwenye picha kunahitaji idhini yake ya pekee.

Kuna sharti moja ambalo humshtua mgeni, nalo ni sharti la usawa. Mwenye rekodi anakubali dola 200, ila anadai kwamba mwenye utunzi akilipwa zaidi, naye aongezwe kufikia hapo. Mwenye utunzi akitaka 400, gharama ya wimbo ni 800, wala si 600. Kwa hiyo anza na upande mgumu. Bei yake ikishajulikana, utajua kama wimbo unabaki au bendi nyingine iupige upya, ambapo utalipa utunzi na wanamuziki wako, ukaiacha rekodi ya zamani.

Turudi kwenye dola zetu 2,000. Picha zimechukua 900 na wimbo 800. Zimebaki 300 za ada na dharura. Kwa bei hizo mtayarishaji amepata maonyesho ya matamasha kwa miaka miwili tu. Lakini katika kila leseni ameweka kifungu cha nyongeza: ndani ya miaka hiyo miwili anaweza kununua televisheni ya Afrika Mashariki kwa kiasi fulani, na dunia nzima pamoja na mtandao, bila ukomo wa muda, kwa kiasi kingine. Viwango vyote viwili vimeandikwa kwa tarakimu. Maneno "bei itajadiliwa baadaye" hayampi chochote, kwa sababu siku stesheni itakapoitaka filamu, kila mwenye haki atajua kwamba mtayarishaji hana pa kukimbilia.

Faida yake huonekana mezani. Stesheni ikitoa ofa, mtayarishaji hujumlisha nyongeza zote na kujua papo hapo kama ofa inazifidia. Isipozifidia, anaikataa akijua sababu, au anaondoa kipande kilicho ghali kuliko vyote. Haya yanawezekana akiwa na jedwali moja: kipande, mwenye haki, sekunde, nchi, njia za maonyesho, tarehe ya kwisha na bei ya nyongeza. Tarehe ya kwisha iingizwe kwenye kalenda miezi sita kabla, wakati kifungu cha nyongeza bado kina nguvu.