Ufa Huu ni wa Nani? Methali katika Utangulizi wa Insha

Nimechokozwa na fundisho lililoenea katika shule zetu kwamba methali ni pambo la utangulizi. Mwanafunzi huhimizwa kufungua insha kwa kishindo: wahenga hawakukosea waliponena, kisha methali, kisha koma, ndipo mada ije. Watetezi wa fundisho hili wanasema mtihani wa insha wa KCSE una muda mfupi, kila insha ina alama 20, na mtahini hufurahia utajiri wa lugha. Sibishani nao kuhusu furaha ya mtahini. Ninachokataa ni dhana kwamba methali yaweza kuwekwa popote bila kudai chochote. Kila methali huja na wahusika wake, na mwandishi akiitumia amekwisha kusema nani amefanya nini na nani atalipa, apende asipende.

Tuchukue mada moja: mafuriko ya Mukuru kwa Njenga. Kati ya Machi na Mei 2024 mvua ilinyesha kupita kiasi, Mto Ngong ukafurika, na vyumba vya mabati vilivyo kandokando yake vikaingia maji. Mwanafunzi hodari ataandika mara moja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Inasikika sawasawa, maana mitaro iliziba kwa takataka na hakuna aliyeizibua mapema. Lakini tazama methali yenyewe inavyofanya kazi. Anayeonywa asipuuze ufa ndiye huyohuyo atakayejenga ukuta. Nyumba ni yake, uzembe ni wake na gharama ni yake. Sasa ingia Mukuru. Wengi wa wakazi ni wapangaji. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni cha mwenye nyumba asiyelala humo, na sehemu kubwa ya ardhi iliyo chini ya mabati ina hati zilizogawiwa watu binafsi na kampuni. Aliyeuacha ufa ni mmoja, aliyelala kwenye maji ni mwingine. Methali hiyo ikiwekwa pale, utangulizi umemlaumu mpangaji kabla insha haijaanza, hata kama aya zote zinazofuata zinamtetea. Msomaji makini ataona insha inajipinga, ingawa huenda asijue kosa lilianzia wapi.

Nitajibiwa kwamba methali ni laini, hupindika kulingana na muktadha. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko ile ya alama. Mtu akiandika kuhusu fedha za umma, methali hiyohiyo itakaa vizuri: serikali iliyochelewa kushughulikia mitaro na makazi ya kandokando ya mto ndiyo iliyolazimika, Mei 2024, kuwaondoa waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni na kuahidi shilingi 10,000 kwa familia zilizohamishwa. Hapo mwenye ufa na mwenye ukuta ni mmoja. Basi methali imepindika, naam, lakini imepindika kwa sababu mlengwa wa insha amebadilika.

Kwa insha inayomhusu mpangaji, ningechagua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na asiyebeba mzigo huudhania hivyo. Utangulizi ungekwenda hivi: “Mto Ngong ulipofurika, mpangaji wa Mukuru kwa Njenga ndiye aliyelitoa nje godoro lililoloa. Mwenye nyumba alisubiri kodi. Mwenye hati ya ardhi hakuonekana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na insha hii inaeleza kwa nini hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyeona haja ya kuzibua mtaro.” Hapa methali inatoa sababu, wala haikariri tukio. Ukiifuta, sentensi inayofuata inapoteza mguu. Tena inaipa insha mpangilio: kwanza anayebeba, kisha wanaotazama, kisha nini kingewafanya wauhisi uzito.

Mtaona nimeitanguliza hali, methali ikafuata. Katika mazungumzo ya kawaida methali hujibu jambo lililokwisha kutajwa; haiji kabla ya jambo. Najua wazee hufungua baraza kwa methali, na hilo linanipinga. Lakini waliokaa barazani wanajua tayari kilichowakutanisha, jambo ambalo msomaji wa insha hajui. Kwa hiyo bado nashikilia kwamba methali isiwe sentensi ya kwanza.

Walimu wa insha, ombi langu ni dogo: mwanafunzi akileta utangulizi wenye methali, kabla ya kumsifu, mwambieni amtaje kwa jina kila mhusika wa methali hiyo ndani ya mada yake. Akishindwa kumpata mmoja, aifute.