Utani Kazini na Mpaka wa Udhalilishaji wa Kijinsia

Katika ofisi nyingi za Tanzania, mfanyakazi anayelalamikiwa kwa maneno ya kimapenzi hujitetea kwa kauli fupi kwamba ulikuwa utani tu, na utetezi huo hupata wasikilizaji kwa sababu utani ni asasi ya kweli ya jamii, yenye mizizi na kanuni zake. Makala hii inadai kwamba kanuni hizo zenyewe, zikichunguzwa kwa makini, ndizo zinazomhukumu mtani wa bandia.

Utani, kwa maana yake ya kimila, ni uhusiano unaoruhusu pande mbili zinazojulikana kutupiana maneno ambayo kwa watu wengine yangekuwa matusi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, Wachaga na Wapare ni watani, na ndani ya ukoo babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" bila mtu yeyote kushtuka. Kanuni yake maarufu ni kwamba mtani hakasiriki, lakini kanuni hiyo haikusimama peke yake: aliyetaniwa alikuwa na haki ileile ya kurudisha, tena kwa ukali uleule, maneno yalisemwa mbele ya watu, na mtani alikuwa na wajibu, hasa msibani, ambako watani walishika kazi na kuwachekesha wafiwa. Ofisini, kwa bahati mbaya, huchukuliwa ile kanuni ya kutokasirika pekee, na zile zilizokuwa zikiidhibiti huachwa nyumbani.

Mfano wa kubuni unaweza kulionyesha jambo hili. Mkuu wa ghala, Mnyamwezi, humsalimu karani wa kike, Mzaramo, kila asubuhi kwa kumwita mke wake, naye karani hujibu kwamba mume asiyelipa hata mahari hana haki ya kusalimiwa, na ghala zima hucheka. Hadi hapo hakuna lawama, kwa kuwa maneno yanakwenda na kurudi. Baadaye mkuu huyo anaanza kumwandikia ujumbe usiku, akisifu umbo lake na kumwomba picha. Karani anajibu kwa neno moja moja, kisha anaacha kujibu, na kazini anaanza kupeleka hati za mizigo kwa mkono wa mwenzake ili asiingie ofisini mwa mkuu. Neno "mke wangu" halijabadilika, ila hadhira imeondolewa, jibu limekatika, na anayesema ndiye anayepanga zamu na kupendekeza nani aongezewe mkataba. Kule kuikwepa ofisi ni ushahidi mzito kuliko kicheko cha asubuhi, kwa maana mtu wa chini humchekea mkubwa wake hata anapoumia, kicheko kikiwa ndiyo njia rahisi zaidi ya kuepuka shari.

Mpaka, basi, unavukwa pale maneno yenye maudhui ya kingono yanapomfikia mtu asiyeyataka na ambaye hana nafasi halisi ya kuyarudisha au kuyakataa. Kijana wa kiume anayeandamwa na wanawake waliomzidi umri na cheo, wakihoji uanaume wake kwa kuwa hajaoa, yumo katika hali hiyohiyo, ingawa yeye huona aibu zaidi kulalamika.

Sheria zinalitazama jambo hili kwa macho tofauti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 inamlenga mwenye mamlaka anayeendelea kumtongoza mtu huku akijua hatakiwi, yaani inadai marudio. Sheria ya Ajira ya nchi hiyo ya mwaka 2007 inatazama lugha, picha au mwenendo usiotakiwa unaoathiri kazi ya mtu, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya maandishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaihesabu bughudha kuwa aina ya ubaguzi, na rushwa ya ngono, yaani kudai ngono ili kutoa ajira, cheo au huduma, ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unakwenda mbali zaidi, kwani unahesabu hata tendo la mara moja, na unatazama madhara yaliyotokea au yanayoweza kutokea, si lengo la mtendaji peke yake.

Kwa hiyo kamati ya nidhamu inayomuuliza mlalamikiwa kama alikuwa anatania imekosea swali. Inapaswa kumuuliza mlalamikaji, faraghani na bila mkuu wake kuwapo, kama angeweza kujibu maneno hayo au kuyakataa bila kuhofia mkataba wake, na inapaswa kuupokea ujumbe wa simu wa usiku kuwa sehemu ya mwenendo wa kazini.